Maboya Mawili, Pampu Moja: Maelezo kwa Kamati za Maji, Nyamache



Huku kwetu chemchemi ziko bondeni na watu tunaishi mlimani. Pampu iko chini, tangi liko juu, na mhudumu wa pampu haoni maji yakifurika. Ndiyo sababu ya kufunga swichi za boya.

Wengi hufunga boya moja lenye waya mfupi. Likishuka kidogo pampu inawaka, likipanda kidogo inazima, na siku nzima kazi ni hiyo. Mota inapoanza huvuta umeme mara tano au sita kuliko kawaida. Joto hilo likirudiwa ndilo huunguza koili.

Tufunge mawili. Chukueni tangi la lita 10,000 lenye kina cha maji cha mita 2: kila sentimita 10 ni lita 500. Boya la chini likiwa sentimita 60 na la juu sentimita 190, katikati kuna lita 6,500. Pampu ya lita 3,000 kwa saa itafanya kazi zaidi ya saa mbili mfululizo, kisha ipumzike.

Kinachounganisha maboya hayo ni rilei ndogo ya volti 24. Umeme wa transfoma unapitia boya la juu, ambalo hukata likipanda, kisha boya la chini, ambalo huunga likishuka, ndipo ufike kwenye rilei. Kontakti moja ya rilei inafungwa sambamba na boya la chini. Maji yakipungua, boya la chini huamsha rilei. Maji yakipanda, boya hilo hukata, lakini rilei hujishikilia kwa kontakti yake mpaka boya la juu likate. Kontakti ya pili ndiyo huamsha kontakta kubwa ya pampu. Volti 240 zisiingie kabisa ndani ya tangi. Watu wanachota humo.

Boya la tatu liwe kule kwenye chemchemi, kwenye mstari uleule wa boya la juu, likate maji yakiisha. Pampu ikizunguka kavu, sili huungua.

Umeme ukipotea katikati ya kujaza, na kwetu hupotea, rilei huachia. Ukirudi, pampu haiwaki mpaka maji yashuke hadi boya la chini. Msidhani imeharibika. Wekeni kitufe cha kuwashia sambamba na boya hilo.

Kabla ya kujaza tangi, zimeni swichi ya pampu pekee na mlijaribu kwa mkono. Inueni boya la chemchemi, mengine yaning'inie: rilei iamke. Isipoamka, pimeni nyaya kwa mita, maana maboya mengi yana nyaya tatu na rangi hutofautiana. Inueni boya la chini: ikiachia hapo, kontakti ya kujishikilia haijaunganishwa. Inueni la juu: iachie. Sasa shusheni la juu peke yake, na rilei ibaki kimya.