Tangazo la Maji Lianzie Kwenye Dira

Maji yanayofika Shinyanga na Kahama husukumwa kwa mitambo kutoka Ihelele, kando ya Ziwa Viktoria, hivyo kila ndoo imeshagharimiwa umeme kabla haijafika bombani. Ndiyo maana tangazo linalosema tu "tumia maji kwa uangalifu" halitoshi. Limweleze mwenye nyumba pa kutazama. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Usiku ambao maji yanatoka, jaza matangi, funga koki zote, andika namba za dira, kisha uzisome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajafungua. Zikiwa zimesogea, yapo yanayovuja nyumbani kwako, mara nyingi chooni au kwenye boya la tangi. Usipime maji yanaporejea tu baada ya mgawo, kwa kuwa hewa iliyomo bombani nayo huweza kuizungusha dira.

Wapo watakaosema mamlaka za maji ndizo zinazomwaga mengi barabarani. Hoja hiyo ni ya haki, na mabomba hayo yatengenezwe. Lakini kinachovuja baada ya dira unakilipa wewe. Na maji yakikatika, hakikisha koki zote zimefungwa kabla ya kulala, yasije yakarejea usiku na kumwagika.