Ukuta Mmoja, Udongo wa Aina Mbili

Chukulieni ukuta unaoteremsha tani 5 kwa kila mita ya urefu wake. Msingi ukiwa na upana wa sentimita 60, kila mita mraba ya ardhi itabeba tani 8 na zaidi kidogo.

Chembe za mchanga hugusana na kusuguana, na uzito ukiongezeka hubanana zaidi. Kwa hivyo mchanga hutitia upesi, mara nyingi fundi akiwa bado anajenga. Mfinyanzi una chembe ndogo mno zilizoshika maji, na uzito mpya hubebwa kwanza na maji hayo. Yanapotoka polepole, nyumba huendelea kutitia kwa miaka, na nyufa huja wakati fundi amekwisha kulipwa.

Kabla ya kumwaga zege, chimbeni hadi kina cha msingi, mchukue donge bichi. Likifinyangika kwa vidole bila nguvu, mfinyanzi huo ni laini, na kwa kawaida haupewi zaidi ya tani 7.5 kwa mita mraba. Ukuta ule umezidi. Msingi ukipanuliwa hadi mita 1, mzigo hushuka hadi tani 5, mbali na uzito wa msingi wenyewe.

Kwa ghorofa, vidole havitoshi. Mhandisi hutoboa ardhi, huangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka sentimita 76, na kuhesabu mapigo yanayozamisha bomba sentimita 30.

Udongo mweusi unaopasuka kiangazi msiuamini hata ukiwa mgumu. Mvua ikinyesha huvimba, ukainua msingi.