Duka Likiuzwa, Miaka ya Mfanya Kazi Huenda Wapi?

Mazungumzo kwa wafanya kazi na wenye biashara wa Mukuyuni



Leo nitazungumza nanyi juu ya jambo ambalo huwapata wafanya kazi wengi pasipo kulitazamia. Mtu huondoka kazini Jumamosi akiwa mtumishi wa mwenye duka fulani. Arudipo Jumatatu humkuta bwana mwingine mezani, naye huambiwa, "Endelea na kazi kama kawaida." Mashine ni ile ile na mshahara ni ule ule. Je, na miaka aliyokwisha kufanya kazi, nayo imeendelea?

Jibu hutegemea kitu kilichouzwa. Ikiwa biashara ni kampuni iliyoandikishwa, na kilichouzwa ni hisa zake, basi mwajiri hakubadilika. Mbele ya sheria kampuni ni mtu kamili, hata wenye hisa wakibadilika mara kumi. Mkataba wa kazi hubaki ule ule, na miaka huendelea kuhesabiwa.

Lakini maduka na mashine nyingi za kusaga katika masoko yetu ni mali ya mtu mmoja. Akiuza, huuza mashine, bidhaa na jina la duka. Hapo mwajiri amebadilika, na mkataba haumfuati mnunuzi wenyewe tu. Katika Uganda, sheria ya ajira ya mwaka 2006 ilisema kwamba biashara ikihamishwa, mikataba ya wafanya kazi huhamia kwa mwenye biashara mpya pamoja na haki zake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikuweka kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo hapa kwetu miaka huvuka kwa mapatano tu.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Mwendesha mashine ya kusaga hapa Mukuyuni amefanya kazi miaka 9 kamili, na mshahara wake ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Mwenye mashine anaiuza. Njia za haki ni mbili.

Ya kwanza ni bwana wa zamani kuikomesha ajira kwa kufuata kifungu cha 40 cha sheria ile. Imempasa kutoa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanya kazi au kwa mfanya kazi mwenyewe asiye mwanachama, na pia kwa afisa wa kazi. Tena alipe siku za likizo zilizobaki, mshahara wa mwezi mmoja kama hakutoa notisi ya kuachishwa, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tukihesabu mwezi kuwa siku 30, siku 15 ni shilingi 9,000, na kwa miaka 9 ni shilingi 81,000. Baada ya hapo mnunuzi aweza kumwajiri upya, na hesabu mpya huanza.

Ya pili ni mapatano ya watu watatu, yaani muuzaji, mnunuzi na mfanya kazi, kwamba mnunuzi anaichukua miaka ile 9. Mashine ikifungwa baada ya miaka 2, mnunuzi atalipa kwa miaka 11, yaani shilingi 99,000.

Hasara huja pale ambapo hakuna hata moja kati ya hizo. Mfanya kazi hakulipwa, wala hakuandikiwa kitu. Baada ya miaka 2 mnunuzi anamwachisha na kumhesabia shilingi 18,000 tu, akisema, "Mimi nakujua tangu niliponunua." Na mtego mwingine ni huu: muuzaji humwomba aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, "ili mambo yaende upesi." Anayeacha kazi kwa hiari hana malipo ya kuachishwa. Basi asiitie sahihi barua hiyo, wala hati isemayo kwamba amelipwa yote, kabla ya kuhesabu fedha mkononi.

Utajuaje kama miaka yako imevuka? Tazama mkataba mpya. Sheria yataka uonyeshe tarehe ajira ilipoanza, na pia tarehe ambayo utumishi mfululizo ulianza, pamoja na muda uliohesabiwa kutoka kwa mwajiri wa kwanza. Tarehe hizo mbili zikiwa ile ya kununuliwa kwa duka, miaka yako imekatwa. Akiba ya NSSF haina hatari hiyo, kwa kuwa imeandikwa kwa namba ya mfanya kazi mwenyewe.

Nanyi wanunuzi, ulizeni deni la wafanya kazi kabla ya kupatana bei. Shilingi 81,000 zikijulikana mapema, zaweza kupunguzwa katika bei. Zikijulikana baadaye, huwa kesi.

Mwisho, madai ya kazi yana muda wa miaka 3 tangu haki ilipovunjwa. Asiyelipwa na aende kwa afisa wa kazi mapema, akichukua barua yake ya kwanza ya kuajiriwa na karatasi za mshahara.