Maongezi ya Kumrekebisha Mfanyakazi: Kiandikwe Nini?

Hotuba kwa waajiri wa biashara ndogo, Eldoret

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha mtu kazi. Maongezi yasiyoandikwa ni vigumu kuyathibitisha.

Chukueni mfano wa karani wa ghala la mahindi aliyefungua saa tatu badala ya saa mbili, malori mawili yakingoja. Msimamizi akiandika "karani ni mvivu", hayo ni maoni. Aandike siku hiyo hiyo tarehe, saa, kilichotokea, kilichotakiwa, na maelezo ya karani mwenyewe, kwa mfano kwamba alimpeleka mtoto hospitalini. Amalizie na walichokubaliana: akiona atachelewa apige simu kabla ya saa mbili, na watazame tena baada ya wiki mbili.

Karani asomewe, apewe nakala, kisha atie sahihi kuonyesha ameelezwa, si kwamba amekiri kosa. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa, asilazimishwe. Kumbukumbu iliyoandikwa miezi baadaye na kupewa tarehe ya zamani yaweza kumharibia mwajiri kesi nzima.

Karatasi hiyo si barua ya onyo. Karani akirudia kosa, itaonyesha tu kwamba alijua alichotakiwa kufanya. Kabla ya kumwachisha kazi kwa sababu hiyo, kifungu cha 41 bado chataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua, na wote wawili wasikizwe.