MOTO UKIWAKA HOSPITALINI: MAMA NA MTOTO WATOKE NAMNA GANI
(Maongezi kwa wamama wa kiliniki)

Munaona ile karatasi yenye maneno mekundu, imebandikwa ku mlango? Kila siku munapita mbele yake. Leo tuisome pamoja.

Karatasi inasema: «Ukiona moshi, inama.» Ni kwa sababu gani? Ndani ya nyumba, moshi unaua watu wengi kuliko ndimi za moto. Ndani yake muna sumu isiyo na harufu, ile ile inayotoka ku mbabula ya makala mukiiacha iwake ndani ya chumba kilichofungwa. Kichwa kinazunguka, miguu inalegea, mtu anaanguka. Kitambaa chenye maji puani kinapunguza masizi tu, hakizuii sumu hiyo. Basi usipoteze wakati kwa kutafuta maji.

Moshi wa moto unapanda juu, hewa nzuri inabaki karibu na sakafu. Lakini angalieni jambo moja. Mama akiinama na mtoto mgongoni, kichwa cha mama kiko chini, mtoto ndiye anabaki juu ndani ya moshi! Kwa hiyo zungusha kikwembe, mlete mtoto kifuani, kisha uiname na kutoka. Kama moshi haujafika kwako, mwache mgongoni na utoke mara moja.

Karatasi inasema tena: «Acha vitu vyote. Funga mlango nyuma yako.» Kikapu, sahani, hata karatasi ya chanjo, viache. Mlango ukifungwa bila ufunguo, moshi unachelewa kufika kwa wengine. Na mbele ya kufungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifungue. Tafuta njia nyingine.

Sasa, tunakwenda wapi? Pahali pa kukutania ni pawili. Watu wa kiliniki wanakwenda kiwanjani mbele ya kanisa. Wa materinite na wa chumba cha watoto wanakwenda kiwanjani nyuma ya jiko. Hakuna mtu wa kusimama ku mlango mkubwa wa barabara, maana motokari ya kuzima moto inapita pale.

Na musirudi karibu kwa kuangalia. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, ku barabara ya Uvira, lori la mafuta lilianguka. Watu walikaribia, wengine kwa kuteka, wengine kwa kutazama. Moto ukalipuka, zaidi ya watu 200 wakafa. Katika hospitali pia kuna vitu vya kulipuka, kama chupa za oksijeni.

Kila pahali pa kukutania pana msimamizi wa moto, mwenye kuvaa jile ya manjano. Kazi yake si kuzima moto. Anapita katika vyumba vyake na katika vyoo, anafunga milango, anachukua daftari la majina, anakuja kuhesabu watu. Waganga na wauguzi nao wana kazi yao. Wanatoa kwanza mtu aliye karibu na moto. Kisha wenye kutembea, kisha wenye kushikwa mkono, mwisho wenye kulala, wanaovutwa chini juu ya godoro ao blanketi. Muuguzi anafunga oksijeni. Chupa ya kuzimia moto inatumiwa ku moto mdogo tu, maana inaisha mbele ya dakika moja.

Tuseme mama mmoja yuko ku mizani na mtoto mchanga, na mkubwa wake wa miaka 4 amelazwa katika chumba cha watoto. Moto unawaka katika stoo ya mashuka, katikati ya vyumba hivyo viwili. Moyo unamwambia: kimbia kule! Lakini akiingia katika ule ujia, atakutana na moshi na wauguzi wenye kubeba watoto. Atawafungia njia, na yule mchanga atavuta sumu. Afanye nini? Atoke mbele ya kanisa, amwambie msimamizi: «Mutoto yangu eko mu chumba ya watoto,» na jina lake. Msimamizi anatuma mtu nyuma ya jiko, majina yanasomwa. Mtoto akiwa pale, mama anajua. Asipoonekana, msimamizi anawaambia wazima moto chumba na kitanda, nao wanajua pa kutafuta.

Kwa hiyo hakuna kwenda nyumbani kimya kimya. Jina lako lisiposomwa, mtu ataingia ndani ya moshi kukutafuta, na wewe uko njiani Kadutu. Ngoja mpaka msimamizi aseme: «Sasa mwende.»

Leo, ukitoka hapa, pita kwanza kiwanjani mbele ya kanisa, umwonyeshe mtoto wako mkubwa: «Tukipotezana, ni hapa.»