Mlango wa Mwamba Wakati wa Kusi: Namna Wavuvi wa Ngalawa Wanavyopima Safari ya Kurudi



Kusi, kaskazi, bamvua na maji mafu sote tunavijua. Tahadhari nazo tunazipokea: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Kipimo hicho hakina kasoro kwa kazi yake. Ninachoomba tukijadili ni hatari inayomkuta mvuvi wa ngalawa kabla hata kipimo hicho hakijafikiwa.

Tatizo lenyewe

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Makunduchi, chombo hutoka na kurudi kupitia milango ya mwamba. Chukueni siku ya bamvua, msimu wa kusi. Maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Mvuvi hutoka saa kumi na moja kwa umande, bahari shwari, na maji yanayokupwa yanamsukuma nje. Kila dalili inamwambia aende.

Jua likipanda, kusi hushika nguvu. Saa mbili anaona povu jeupe limetapakaa baharini, anaamua kuwahi nyumbani. Hapo ndipo anapojiingiza hatarini, kwa sababu saa tatu maji ya ndani bado yanatoka mlangoni kwa kasi huku upepo na mawimbi ya bahari kuu yanaingia. Yakikutana, wimbi hufupika, husimama na kuvunjika. Ngalawa inayokimbia mbele yake hugeuzwa ubavu na kupinduka. Maji yakishakupwa kabisa, mlango bado una kina kidogo na mawimbi huendelea kuvunjika. Njia hutulia maji yakiwa yamejaa nusu, kiasi cha saa saba mchana.

Kwa hiyo anayetoka alfajiri ya bamvua ajiulize kama chombo chake kitahimili kusi nje mpaka saa saba. Kama hakiwezi, asitoke. Siku za maji mafu mkondo ni dhaifu na mlango humsamehe zaidi.

Wingu jeusi lenye ubaridi wa ghafla na mstari mweupe chini yake halisubiri hesabu hiyo: tanga lituliwe mara moja, kabla mvua haijafika.

Hoja ya hatari ya kurudi imesemwa katika vikao vingi, lakini mafunzo yetu bado huishia kwenye maboya ya kujiokolea.

Mapendekezo

1. Tahadhari za upepo zisomwe pamoja na saa za maji kujaa na kupwa.
2. Kamati za wavuvi za shehia ziandike, kwa kila mlango, saa ambazo haupitiki siku za bamvua.
3. Kabla ya kutoka, mvuvi atazame mawimbi ya mlangoni kwa dakika kumi, kwani makubwa huja kwa makundi.
4. Asiyeweza kungoja nje hadi maji yajae nusu asitoke alfajiri ya bamvua.
5. Mafunzo yaanze na safari ya kurudi.


Naomba pendekezo la kwanza liingie katika maazimio ya leo, kabla kusi haijaanza.