Matofali Yasiyojua Saa: Chati ya Renko na Kelele Inazoondoa



Chati ya bei tuliyoizoea huipa kila siku mshumaa wake, hata siku ambayo sokoni hakukutokea jambo. Chati ya renko, iliyoanzia Japani na ambayo Steve Nison aliwaeleza wasomaji wa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1994, haifanyi hivyo. Haichori chochote mpaka bei iwe imesogea kwa kiasi ulichokipanga mwenyewe. Kiasi hicho ndicho ukubwa wa tofali.

Tuchukue hisa ya kubuni inayoanzia shilingi 1,000, na tofali la shilingi 20. Bei za kufunga siku kwa siku ni 1,012, 1,007, 1,023, 1,018, 1,041, 1,035, 1,022, 1,009, 1,003 na 998. Siku mbili za kwanza ukurasa unabaki mtupu. Bei inapofunga 1,023, tunachora tofali la kupanda kutoka 1,000 hadi 1,020. Zile shilingi tatu za ziada hazionekani. Inapofika 1,041 tunachora la pili, hadi 1,040. Kisha bei inaanza kushuka, na hapa ndipo wengi hukosea. Kufika 1,020 hakutoshi kuchora tofali la kushuka, kwa sababu tofali hilo huanzia chini ya lile la mwisho, si juu yake. Ni lazima bei ifike 1,000, yaani irudi nyuma matofali mawili. Kwa hiyo 1,022, 1,009 na hata 1,003 zinapita kimya. Ni 998 pekee inayoleta tofali la kushuka, kutoka 1,020 hadi 1,000. Siku kumi zimebaki matofali matatu.

Ukiitazama kanuni hiyo vizuri, utaona kwamba baada ya tofali la kupanda lililoishia 1,040, bei ilikuwa huru kuzunguka popote kati ya 1,000 na 1,060 bila chati kusema neno. Eneo la ukimya lina upana wa matofali matatu: moja upande wa mwelekeo uliopo, mawili upande wa pili. Chati inaupendelea mwelekeo uliokwisha kuanza, na ndiyo maana huonekana nyoofu na safi kiasi kile.

Basi kelele inayoondolewa ni ya aina moja: mitikisiko isiyotoka nje ya eneo hilo. Soko likiyumba kwa shilingi 50 juu na shilingi 50 chini, tofali la 20 litageuka rangi kila mara, na anayefuata rangi atanunua juu na kuuza chini. Ukiongeza ukubwa wa tofali unapunguza migeuko hiyo, lakini unaujua mgeuko wa kweli ukiwa umechelewa zaidi.

Muda nao umeondolewa, na mimi nashikilia kwamba muda si kelele. Ushahidi wangu ni faranga ya Uswisi. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeweka sakafu: yuro moja isishuke chini ya faranga 1.20. Kuanzia Oktoba 2014 hadi tarehe 14 Januari 2015 bei ilikaa juu kidogo ya sakafu hiyo bila kufika 1.22. Kwa tofali la faranga 0.01, lililokwisha kushukia 1.21, tofali jipya lingehitaji 1.20 kwenda chini au 1.23 kwenda juu. Miezi hiyo yote haina alama hata moja, ingawa kule kung'ang'ania sakafuni ndiyo ilikuwa habari kubwa ya soko lile.

Tarehe 15 Januari benki iliondoa sakafu bila onyo, na ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja. Mpaka kufika faranga moja tu, chati ya renko inachora ngazi ya matofali 21 yaliyolingana, 1.20, 1.19, 1.18, hadi 1.00, kana kwamba palikuwa na nafasi ya kutoka katika kila kidato. Haikuwapo. Wanunuzi walitoweka, na oda za kukata hasara zilizowekwa karibu na 1.20 zilitekelezwa chini sana ya hapo; baadhi ya wateja hawakubaki na chochote cha kuwadai madalali wao, na badala yake wao ndio wakadaiwa.

Kosa hilohilo hujificha katika majaribio ya mikakati kwa bei za zamani. Programu ikihesabu faida kana kwamba uliuza kwenye ukingo wa tofali, inakupa bei ambayo pengine hakuna mtu aliyewahi kuuza kwayo. Dalili ni rahisi kuiona: faida inayong'aa kwenye matofali na kuyeyuka pindi oda zilezile zinapopimwa kwa bei halisi za sokoni. Wanafunzi wangu huandika tarehe na saa pembeni mwa kila tofali, na bei ya kwanza iliyopatikana baada ya tofali kukamilika. Palipo na matofali kadhaa yenye dakika ileile, hapo hatuhesabu biashara isipokuwa kwa bei hiyo.